Sahani Moja ya Fuli

Ndugu wawili, baba mmoja mama mmoja, wanakula fuli kwenye sahani moja asubuhi ya Ijumaa. Tuseme nyumba yao iko Maskati na mama yao asili yake ni Unguja. Nimeichagua Oman kwa sababu huko fuli, yale maharage mapana ya Kiarabu, ni kifungua kinywa cha kawaida, na hitilafu ya damu ninayotaka kuieleza nayo ni ya kawaida vilevile: karibu robo ya wanaume wa Oman wanayo. Jumapili mmoja wa wale ndugu yuko uwanjani anacheza mpira. Mwenzake amelala kitandani, macho yamekuwa manjano, moyo unamwenda mbio, na mkojo wake una rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Hospitalini wakimpima, himoglobini inayotakiwa kuwa kama 12 inaweza kusomeka 6. Nusu ya chembe zake nyekundu za damu zimeharibika ndani ya siku mbili.

Fuli zile zile nduguye alizila, tena huenda alikula nyingi zaidi. Tofauti yao iko kwenye kimeng'enya kimoja tu ndani ya chembe nyekundu, na kazi ya kimeng'enya hicho ni kuisaidia chembe isiunguzwe na oksijeni. Tumezoea kuisikia oksijeni ikitajwa kama uhai wenyewe. Mtoto huyu anatuonyesha upande wake wa pili.

Oksijeni ina uchu wa elektroni. Molekuli yake ikipata elektroni nne kwa mpigo inageuka maji, na hapo hakuna ugomvi. Matata huanza inapozipata moja moja. Ya kwanza ikiingia, tunapata kitu kiitwacho superoksaidi. Ya pili ikiingia, pamoja na haidrojeni, tunapata haidrojeni peroksaidi, ile ile inayouzwa kwenye vichupa vya kusafishia vidonda. Ya tatu ikiingia, peroksaidi inakatika vipande viwili, na kimoja wapo ni haidroksili, kali kuliko ndugu zake wote. Haidroksili haichagui. Inanyang'anya elektroni kwenye kitu cha kwanza inachokigusa, kiwe mafuta, protini au DNA, na kwa sababu hiyo haifiki mbali: safari yake huishia nanomita chache kutoka mahali ilipozaliwa. Wataalamu huviita vitu hivi kwa pamoja spishi tendaji za oksijeni. Mimi nitasema oksijeni kali, inatosha.

Katika seli nyingi za mwili, elektroni hizo zinazopotea njia huvuja hasa kwenye mitokondria, majiko madogo yanayochoma chakula. Chembe nyekundu haina mitokondria. Haina hata kiini. Imevuliwa karibu kila kitu ili ipate nafasi ya himoglobini, na himoglobini yenyewe ndiyo inayovuja. Kila molekuli yake ina atomu nne za chuma, na kila atomu ya chuma hushika oksijeni mapafuni na kuiachia inapohitajika. Mara nyingi oksijeni huondoka kama ilivyokuja. Lakini mara moja moja huondoka na elektroni ya chuma, kama mgeni anayetoka na kijiko cha mwenyeji mfukoni. Chuma kilichoibiwa hakiwezi tena kubeba oksijeni, na mgeni aliyetoka na kijiko tayari ni superoksaidi.

Wizi huu si wa nadra. Kiasi cha asilimia 1 hadi 3 ya himoglobini hupatwa nao kila siku. Chembe moja ina molekuli za himoglobini zipatazo milioni 270, yaani atomu za chuma zaidi ya bilioni moja. Chukua ile asilimia 1, kiwango cha chini, uigawe kwa sekunde za siku nzima: utapata superoksaidi zaidi ya 100 kila sekunde, ndani ya chembe moja, hata ukiwa umelala. Na chembe hiyo inatakiwa iishi siku 120 bila uwezo wa kutengeneza protini hata moja mpya. Ilichotoka nacho kwenye uboho wa mfupa ndicho ilichonacho mpaka mwisho.

Inaishije, basi?

Jibu la kwanza lilitoka kwenye damu ya ng'ombe. Mwaka 1938 Mann na Keilin, huko Cambridge, walichuja kutoka kwenye damu hiyo protini yenye madini ya shaba, yenye rangi ya kibuluu. Wakaipa jina, ila kazi yake hawakuijua. Ilidhaniwa labda ni ghala la kuhifadhia shaba. Ilikaa hivyo miaka 31. Mwaka 1969 Joe McCord, aliyekuwa mwanafunzi wa Irwin Fridovich katika Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, alikuwa akisumbuliwa na kitu fulani kilichoingia kwenye vipimo vyake na kuizima superoksaidi kabla hajaipima. Alipokifuata kitu hicho mpaka kwenye chanzo, alikuta ni ile ile protini ya shaba. Ilikuwa kimeng'enya. Kinachukua superoksaidi mbili, kinaigeuza moja kuwa oksijeni ya kawaida na nyingine kuwa peroksaidi, na kinafanya hivyo kwa kasi ambayo karibu haiwezi kuongezeka tena: kila superoksaidi inayokigusa imekwisha. Waliita superoksaidi dismutesi. Mpaka wakati huo wengi waliohusika na elimu ya viumbe hawakuwa wakiamini kwamba superoksaidi hutokea ndani ya mwili. Lakini mwili haujipi kimeng'enya kikali namna hiyo kwa ajili ya adui asiyekuwepo.

Msomaji makini atauliza: faida iko wapi, ikiwa superoksaidi imegeuzwa peroksaidi tu? Swali zuri. Peroksaidi ni mpole kidogo, lakini ikikutana na chuma kilicho huru hukatika na kuizaa haidroksili. Na chembe nyekundu imejaa chuma. Kwa hiyo peroksaidi nayo lazima iondolewe upesi.

Mmoja wa waondoaji unaweza kumwona jikoni kwako. Kata kiazi mviringo kibichi, au kipande cha ini la ng'ombe, kisha kidondoshee haidrojeni peroksaidi ya duka la dawa. Povu litakalopanda ni oksijeni, na anayeitoa ni katalesi, kimeng'enya kinachoivunja peroksaidi kuwa maji na oksijeni. Ini hutoa povu kama sabuni. Povu lile lile ndilo unaloliona ukiweka dawa hiyo kwenye kidonda: si vijidudu vinavyokufa, kama wengi tunavyodhani, bali ni katalesi ya damu yako na ya nyama yako ikifanya kazi yake.

Katalesi ina wenzake wawili. Mmoja ni peroksiredoksini, ambayo ni miongoni mwa protini zilizo nyingi kabisa ndani ya chembe nyekundu, nyuma tu ya himoglobini na mwingine mmoja. Wa pili ni glutathaioni peroksidesi, ambacho hakifanyi kazi bila madini ya seleniamu. Hawa wawili hawawezi kuivunja peroksaidi kwa mikono mitupu. Wanahitaji kitu cha kutoa elektroni za kuituliza. Kwa glutathaioni peroksidesi kitu hicho ni, kama jina linavyosema, glutathaioni, molekuli ndogo iliyoungwa kwa asidi amino tatu tu.

Fikiria glutathaioni kama kitambaa cha kufutia meza. Kinafuta kilichomwagika, lakini kikishalowa hakifuti tena mpaka kikamuliwe. Chembe nyekundu ina vitambaa vingi, ila havina kikomo kwa sababu hukamuliwa na kurudishwa kazini mara maelfu. Mkono unaokamua unatumia molekuli iitwayo NADPH, inayobeba elektroni mbichi. Peroksiredoksini nayo, kwa njia yake ya pembeni, hukamuliwa kwa NADPH. Hata katalesi, inayoonekana kujitegemea, hubeba NADPH kifuani na bila hiyo huchoka na kuzimika. Ukifuata kila uzi wa ulinzi huu unaishia kwenye fundo moja, NADPH.

Na NADPH inatoka wapi? Kwenye sukari. Seli nyingine zina njia kadhaa za kuipata; chembe nyekundu inayo moja tu ya maana. Glukosi inayoingia ndani yake hufungwa kwanza fosfeti, halafu kimeng'enya kimoja huichomoa elektroni na kuzipakia kwenye NADPH. Kimeng'enya hicho huandikwa kwa kifupi G6PD. Siku za kawaida sukari inayopitia mlango huo ni kidogo, nyingine hutumika kutengeneza nishati. Peroksaidi ikizidi, mlango hufunguka na sukari nyingi zaidi huelekezwa huko. Chai yenye sukari uliyokunywa leo asubuhi, basi, sehemu yake imekwenda kukamua vitambaa.

Yule mtoto wa Maskati ana G6PD mbovu.

Jinsi ilivyogunduliwa ni habari isiyopendeza. Katika miaka ya 1940 na 1950 jeshi la Marekani lilitafuta dawa za malaria, na dawa zilijaribiwa kwa wafungwa wa gereza la Stateville, jimbo la Illinois. Walisema wamejitolea, lakini mtu anajitolea vipi akiwa nyuma ya nondo ni mjadala ambao haujaisha. Moja ya dawa hizo ilikuwa primakwini. Watafiti waliona kwamba baadhi ya wafungwa, wengi wao weusi, wakipewa miligramu 30 kila siku huanza kupungukiwa damu siku ya pili au ya tatu. Je, kosa lilikuwa kwenye miili yao au kwenye chembe zenyewe? Walizitia chembe zao alama ya mnururisho, wakazihamishia kwa watu ambao dawa haikuwadhuru, kisha wakawapa watu hao primakwini. Chembe zilizohamishwa zikafa, za wenyewe zikabaki. Kosa lilikuwa ndani ya chembe. Ernest Beutler akaonyesha kwamba glutathaioni ya chembe hizo haidumu, na mwaka 1956 Carson na wenzake wakataja kimeng'enya kinachopungua: G6PD.

Waliona jambo jingine la ajabu. Wakiendelea kumpa mfungwa dawa ile ile kila siku, baada ya wiki moja na ushei damu iliacha kupungua, ikaanza kupanda tena, dawa ikiwa bado inamezwa. Maelezo yake ni haya. G6PD ya aina iliyo nyingi Afrika haizaliwi mbovu kabisa; inazaliwa legelege. Kimeng'enya cha kawaida hupoteza nusu ya nguvu zake kwa siku kama 60, hiki kwa siku kama 13. Chembe changa, basi, ina kinga ya kutosha, ila ikifika umri wa kati haina kitu. Dawa iliua wazee wa damu, uboho ukaleta vijana, na vijana wakahimili. Aina iliyoenea Oman na nchi za Mediterania ni mbaya zaidi, kwani hata chembe changa huwa hazina nguvu ya maana, na ndiyo sababu fuli humwangusha mtoto wa Maskati vibaya kuliko ambavyo kwa kawaida ingemwangusha wa Tanga au Malindi.

Turudi kwenye sahani. Fuli ina kemikali mbili, visini na konvisini. Tumboni hukatwa sukari yao, na kinachobaki huingia kwenye damu na kuanza mchezo mbaya: kinaipa oksijeni elektroni, kinazaa peroksaidi, kinarudishwa hali yake ya mwanzo na glutathaioni, kinaanza upya. Kila mzunguko unalowesha kitambaa. Kwa ndugu mzima mlango wa G6PD unafunguka, vitambaa vinakamuliwa, na fuli inakuwa kifungua kinywa tu. Kwa mwenzake vitambaa vinalowa vyote ndani ya saa chache na hakuna wa kuvikamua.

Kinachofuata ndani ya chembe kina hatua mbili, na hapa ndipo tunauona uharibifu wa protini na wa mafuta kwa macho. Kwanza himoglobini. Oksijeni kali inazishambulia sehemu zake zenye salfa; molekuli zinajikunja vibaya, zinashikana, zinaganda kama yai lililotiwa kwenye maji ya moto. Madonge hayo huenda kujibandika ukutani mwa chembe. Fundi wa maabara akiitia damu rangi maalumu atayaona kama vidoa vya zambarau, na yanaitwa vijiwe vya Heinz.

Pili, ukuta wenyewe. Ukuta wa seli ni mafuta, na sehemu yake kubwa ni mafuta laini ya aina ile ya samaki na alizeti. Mpishi yeyote anajua kwamba mafuta ya nazi hukaa muda mrefu, ilhali dagaa wenye mafuta huanza kunuka ukali mapema. Ni kemia ile ile. Mafuta laini yana sehemu dhaifu ambapo oksijeni kali hunyakua elektroni. Molekuli iliyonyang'anywa inamnyang'anya jirani, jirani naye wa pembeni yake, na moto unatambaa ukutani mzima bila kuhitaji kiberiti kingine. Katika chembe nzima vitamini E, iliyojichomeka humo humo kwenye mafuta, huukatiza mnyororo huo kwa kujitoa yenyewe. Vitamini C huirudisha E kazini. Na ndugu mmoja wa glutathaioni peroksidesi, kiitwacho GPX4, huyatengeneza mafuta yaliyokwisha kuungua. Lakini C hurudishwa kwa glutathaioni, na GPX4 hutumia glutathaioni. Tumerudi kwenye fundo.

Ukuta unakakamaa. Chembe nyekundu huishi kwa kunyumbuka, maana ndani ya wengu lazima ijipenyeze kwenye nyufa nyembamba kuliko yenyewe. Yenye vijiwe inakwama, na walinzi wa wengu wanaliuma lile donge na kuling'oa pamoja na kipande cha ukuta. Kwenye darubini utaona chembe zilizomegwa, kama chapati iliyong'atwa ukingoni. Nyingine hazifiki hata huko. Zinapasuka kwenye mishipa, himoglobini inamwagika, figo zinaichuja, na hiyo ndiyo rangi ya chai chooni. Umanjano wa macho ni mabaki ya himoglobini iliyovunjwa ambayo ini limeshindwa kuiondoa kwa wakati.

Daktari akishuku, kipimo ni rahisi kwa wazo lake: NADPH hung'aa chini ya taa ya mionzi ya urujuanimno, na ile isiyopakiwa elektroni haing'ai. Unachanganya tone la damu na vitu vinavyohitajika, unadondosha kwenye karatasi, unawasha taa. Karatasi ikibaki giza, G6PD hakuna. Lakini kipimo hiki kina mtego ambao umewadanganya wengi. Mtoto akipimwa katikati ya tukio, hasa mwenye aina ya Kiafrika, chembe zake mbovu zimeshakufa, zilizobaki ni changa zenye kimeng'enya, na jibu linatoka kwamba yuko salama. Anaruhusiwa nyumbani akiwa na karatasi ya uongo. Inabidi arudi baada ya miezi miwili au mitatu, chembe zikiwa zimezeeka tena, apimwe upya.

Urithi wake uko kwenye kromosomu X, kwa hiyo mtoto wa kiume mwenye nakala moja mbovu hana ya akiba. Msichana mwenye moja nzima na moja mbovu ana damu mchanganyiko, chembe nyingine imara na nyingine dhaifu, na kipimo cha taa mara nyingi hakimwoni.

Katika pwani yetu, kwa makadirio, mwanamume mmoja kati ya watano au sita anayo aina ya Kiafrika. Anthony Allison, yule aliyeonyesha uhusiano wa selimundu na malaria, aliandika juu yake kwa Waafrika Mashariki mwaka 1960. Sababu ya wingi huo inafanana na ya selimundu. Kidudu cha malaria hukaa ndani ya chembe nyekundu na kula himoglobini, na kula huko humwaga chuma na oksijeni kali. Chembe yenye kinga hafifu huchakaa mapema ikiwa na mgeni ndani, na wengu huiondoa kabla mgeni hajazaana. Ulinzi huo si wa kila mtu wala wa kila namna ya malaria, na utafiti wa Kilifi umeonyesha kwamba wanaonufaika kwa uwazi zaidi ni wasichana wenye damu mchanganyiko.

Cha kusikitisha ni kwamba penye malaria ndipo penye dawa za malaria. Mwaka 2003 iliidhinishwa dawa ya bei nafuu iliyoitwa Lapdap, mchanganyiko wa kloroproguanili na dapsoni, ikilenga watoto wa Afrika. Dapsoni ikifika kwenye ini hugeuzwa kitu kinachofanya ndani ya chembe nyekundu karibu yale yale yanayofanywa na fuli. Dozi ilikuwa ya siku tatu tu na wengi walitumaini kwamba muda huo ni mfupi mno kuleta madhara. Majaribio makubwa yaliyofuata, yakiwemo ya Kenya na Tanzania, yaliwaonyesha watoto wenye upungufu wa G6PD wakishuka himoglobini kwa kiasi cha kutisha, baadhi wakihitaji kuongezwa damu. Mwaka 2008 iliondolewa sokoni. Primakwini yenyewe haijafukuzwa. Tangu 2012 Shirika la Afya Duniani linaruhusu itolewe bila kipimo cha G6PD kwa dozi moja tu ndogo ya miligramu 0.25 kwa kila kilo ya uzito, ili kuzuia mgonjwa asiwaambukize mbu. Dozi moja huua chembe chache za wazee na basi. Dozi za siku 14 ni habari nyingine, na hizo huhitaji kipimo kwanza.

Kuna na vya nyumbani. Vile vidonge vyeupe vya nafthalini tunavyoweka kabatini kufukuza nondo vimewaangusha watoto wachanga waliofungwa nguo zilizohifadhiwa navyo. Hina nayo: rangi yake hupenya ngozi laini ya mtoto mchanga, na hospitali za Ghuba zimewapokea vichanga waliopakwa wakawa wa manjano na damu kidogo. Maharage ya kawaida, kunde, choroko na mbaazi hayamo katika orodha hii. Nasema hivyo kwa sababu nimekuta watu waliomnyima mtoto kila kitu chenye umbo la harage.

Mpaka hapa sijazungumzia DNA, kwa kuwa chembe nyekundu haina. Kwa namna fulani ni bahati yake: ikiharibika inatupwa, na uboho unatengeneza nyingine milioni mbili hivi kila sekunde. Seli ya utumbo au ya uboho wenyewe haiwezi kufikiri hivyo, kwa sababu kosa lake itawarithisha watoto wake. Ulinzi wake una ghorofa zaidi. Chuma hufungiwa ndani ya protini ya ghala iitwayo feritini, kisiguse peroksaidi karibu na DNA. Oksijeni kali ikipanda, seli hupokea habari kupitia protini yenye salfa inayobadilika umbo, na kiini huagiza vimeng'enya zaidi vya ulinzi. Chembe nyekundu ingefanya hivyo ikiwa na kiini. Protini zilizoharibika hupelekwa kwenye mashine ya kuzisaga. Na DNA hukaguliwa.

Herufi ya DNA inayoungua kwa urahisi kuliko nyingine ni guanini. Ikipigwa na oksijeni kali inageuka oksoguanini, ambayo ina udanganyifu wake: badala ya kuungana na sitosini kama kawaida, wakati wa kunakili huweza kuungana na adenini. Nakala inayofuata ikitoka, G imekuwa T, na hakuna kinachoonekana kimevunjika. Kimeng'enya kiitwacho OGG1 huzunguka kikiing'oa oksoguanini kabla ya kunakiliwa. Ikikipita, cha pili, MUTYH, huitafuta adenini iliyokaa mahali pasipo pake na kuiondoa, ili fundi wa kwanza apate nafasi tena. Tunajua kazi hii ni ya kweli na si ya kwenye vitabu tu, kwa sababu wapo watu waliorithi MUTYH mbovu kutoka kwa wazazi wote wawili. Utumbo wao mpana huota vinyama kwa makumi, na saratani huwafuata mapema. Vinyama hivyo vikisomwa DNA yake, makosa yaliyojaa humo ni yale yale: G iliyogeuka T.

Baada ya kuyajua haya, niliacha kuamini vichupa vya dukani vinavyoahidi kuondoa sumu za oksijeni mwilini. Mwaka 1994 zilitoka habari za jaribio la Ufini lililowapa wavutaji sigara wanaume 29,133 ama beta-karotini, ama vitamini E, ama zote mbili, ama kidonge kitupu. Wote waliifikiria beta-karotini kama mlinzi. Waliomeza walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi ya wasiomeza. Kinga ya seli haikuwa na pengo la umbo la kidonge. Vimeng'enya vinafanya kazi kwa zamu, kila kimoja mahali pake, kwa malipo ya NADPH, na mwili wenyewe hutengeneza superoksaidi kwa makusudi: chembe nyeupe huimwagia bakteria waliyoimeza ili kuiua.

Kinachonishangaza zaidi kinahusu vitamini C, inayosifiwa na kila mtu. Kwa chakula haina neno. Lakini kuna zahanati, hasa ng'ambo, zinazoitia kwenye mshipa kwa makumi ya gramu. Kwa kiwango hicho vitamini C huanza kuipa oksijeni elektroni yenyewe, na peroksaidi inazaliwa kwenye damu kama vile fuli imeliwa. Ndiyo maana wanaojua kazi yao hawaichomi sindano hiyo kabla hawajaona jibu la kipimo cha G6PD.